Oto au koili mbili? Kuchagua transfoma ya mashine ya Japani ya volti 200

Mashine za mtumba kutoka Japani zinashuka bandarini Kilindini, Mombasa, kila wiki, leth, kompresa, mashine za barafu, mashine za plastiki, na nyingi ukisoma ile pleti ya ubavuni imeandikwa 200 V, fezi tatu. Sisi stima yetu ni 415 kati ya fezi na fezi, 240 kati ya fezi na nyutro, kwa hivyo lazima kuwe na transfoma katikati, hapo hakuna mjadala. Mjadala unaanza dukani, unapoonyeshwa transfoma mbili zote zimeandikwa 30 kVA, moja kubwa nzito ya koili mbili, nyingine karibu nusu yake kwa uzito na bei imeshuka, hiyo ni ototransfoma, mafundi wengi tunaiita oto tu. Watu wanachagua kwa bei halafu wanakuja kuuliza maswali baadaye, mimi naona maswali yaje kwanza.

Kabla ya yote soma hertz kwenye pleti. Ikiandikwa 50/60 endelea. Ikiwa 60 peke yake, jua hakuna transfoma yoyote, iwe oto iwe ya koili mbili, inayobadilisha hertz, na sisi tuko 50, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Nitatumia mashine moja mpaka mwisho ili tusipotee. Ni ya barafu, ya wavuvi, upande wa Likoni, inataka 200 V fezi tatu, 30 kVA. Mwenyewe ni mama mtu mzima anayeijua biashara yake vizuri, na alipoiona oto aliniuliza swali zuri kuliko ya mafundi wengi: "Fundi, hii nayo ni 30 na ile nayo ni 30, mbona hii ndogo hivi, si ndo wameniibia?" Nikamwambia, "Hapana mama, hujaibiwa, lakini ngoja nikueleze hiyo nusu ilikokwenda, manake hapo ndo penye faida na hapo hapo ndo penye hatari."

Nusu ya transfoma imekwenda wapi

Transfoma ya koili mbili ina koili ya 415 upande wake na koili ya 200 upande wake, hazigusani, umeme wote unavuka kupitia ule mvuto wa sumaku kwenye chuma. 30 kVA zote zinavuka hivyo, kwa hivyo chuma na kopa lazima vitoshe 30 kVA.

Oto ina koili moja kwa kila fezi, imetobolewa katikati. Juu kabisa unaingiza 415, pale ilipotobolewa unatoa 200, chini kabisa ni nyutro, pale koili zote tatu zinapokutana kama nyota, na hiyo ni ya kuingilia na kutokea vilevile. Kile kipande cha juu, kutoka pa kuingilia mpaka tundu la 200, tukiite koili ya juu. Kipande cha chini, kutoka tundu mpaka nyutro, ndiyo koili ya pamoja, manake inatumikia pande zote mbili.

Sasa hesabu. 30 kVA kwa 200 V ni ampea 86.6 kwa kila waya. 30 kVA kwa 415 V ni ampea 41.7. Zile 41.7 zinaingia juu, zinapita koili ya juu, zinatoka moja kwa moja kwenda kwa mashine bila kubadilishwa na chochote. Mashine inataka 86.6, kwa hivyo pungufu ni 44.9, na hizo 44.9 ndizo koili ya pamoja inazozitengeneza kwa sumaku. Basi. Katika oto hii hakuna koili inayobeba 86.6 hata kama waya wa kutoka unabeba 86.6. Koili ya juu inabeba 41.7, ya pamoja inabeba 44.9, na ukizidisha na volti zake kila moja inakupa karibu 15.5 kVA. Hiyo ndiyo saizi halisi ya chuma ulichonunua, 15.5, zile nyingine zimepita tu kama waya wa kawaida.

Kanuni yake ni fupi, chukua moja toa volti ndogo gawa kwa volti kubwa:

```
saizi ya oto = kVA ya mashine x (1 - V2/V1)
30 x (1 - 200/415) = 15.5 kVA
```

Kutoka hapo utaona mwenyewe oto inalipa wapi na hailipi wapi. Mashine ya 380 kutoka China, ukishusha kutoka 415 kwa 30 kVA ile ile, chuma kinachohitajika ni kama 2.5 kVA tu na koili ya pamoja inabeba ampea 4 hivi, hapo kununua ya koili mbili kwa ajili ya volti peke yake ni kutupa pesa. Ukishusha mpaka 110, chuma kinakuwa 22 kVA, umeokoa robo tu, na koili ya pamoja inabeba zaidi ya ampea 115, kwa hivyo madhara ya oto unayabeba yote na faida umepata kidogo. 200 iko katikati ndo maana watu wanabishana.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inafanya oto zitumike kwenye stima kubwa pale volti mbili zinapokaribiana. 220 kV na 132 kV, kama zinavyokutana pale kituo cha Rabai, ni uwiano ambao oto ya 100 MVA inahitaji chuma cha 40 tu. 132 kwenda 33 lakini, uwiano ni nne kwa moja, kuokoa ni robo, na upande wa 33 unataka athi yake ya kujipangia, hapo koili mbili inashinda.

Mota inapoanza

Faida nyingine ambayo watu hawaitaji dukani ni kushuka kwa volti. Transfoma ya koili mbili ya saizi hii tuseme ina impidansi, yaani kizuizi chake cha ndani kinachokula volti lodi ikipita, ya asilimia 4. Koili zenye impidansi hiyo hiyo zikiungwa kama oto ya 415 kwa 200, impidansi inashuka kwa uwiano ule ule wa hapo juu, inabaki kama asilimia 2. Kompresa ya barafu ikianza na kuvuta mara tatu ya ampea za transfoma, ya koili mbili inaweza kupoteza mpaka asilimia 12, yaani 200 inakuwa 176, kontakta zinaanza kutetemeka. Kwenye oto unapoteza kama 6, unabaki na 188, na mashine inaanza vizuri. Kopa kidogo pia maana yake joto kidogo na tokeni kidogo, kwa mashine inayozunguka usiku na mchana hiyo inaonekana.

Lakini impidansi ndogo hiyo ndiyo ile ile inayozuia shoti. Shoti upande wa 200 ukiwa na asilimia 4 ni kama ampea 2,200 kwa kiwango cha juu, ukiwa na 2 ni karibu 4,200. Waya za mtaani nazo zitapunguza kidogo, lakini usiweke breka ya kutokea yenye uwezo wa kukata 3 kA ukasema inatosha kwa sababu ilitosha kwa jirani mwenye koili mbili. Weka ya 6 au 10 kA, tofauti ya bei si kubwa na breka isiyoweza kukata shoti inapasuka yenyewe.

Koili ya pamoja, ile usiyoiona kwa klampu

Hapa nataka tukae kidogo, manake oto nyingi zinazoletwa zimeungua, zimeungua chini, karibu na nyutro, na mwenyewe anaapa hajaizidishia lodi, na mara nyingi anasema kweli.

Ile oto aliyoonyeshwa mama ilikuwa na matundu mawili, la 200 na la 100, kwa sababu Japani nyumbani wanatumia 100 na wauzaji wanaweka tundu hilo kama zawadi. Sasa fikiria mtu ameweka mashine ya barafu ikatulia kwa 24 kVA, halafu akaona kuna friza za Japani za 100 bei rahisi, akanunua, akaziunga kwenye lile tundu la 100, kVA 6, akazigawa vizuri kwenye fezi zote tatu. 24 na 6 ni 30. Pleti inasema 30. Kwa akili ya kawaida amefika mpaka hajavuka.

Twende ndani ya koili moja. Kuingilia ni 41.7, ile ile ya mwanzo. Kutoka tundu la 200 zinatoka 69.3. Kwa hivyo kipande kati ya tundu la 200 na la 100 kinatoa 69.3 toa 41.7, yaani 27.6, kimepumzika kabisa. Lakini tundu la 100 linatoa 34.6 zake, na hizo hazina pa kutoka isipokuwa kipande cha chini kabisa, kwa hivyo kipande cha kutoka nyutro mpaka tundu la 100 kinabeba 27.6 jumlisha 34.6, ni ampea 62.2. Na waya wake umefungwa kwa 44.9! Joto linakwenda kwa mraba wa ampea, kwa hivyo kipande hicho kinapika karibu mara mbili ya kilivyopangiwa, na kiko chini, kimefunikwa, hewa ya Mombasa yenyewe ishakuwa moto kabla hujawasha chochote.

Sasa chukua klampu mita upite nje. Waya za kuingia 41.7, sawa. Waya za 200, 69.3, chini ya 86.6, sawa. Waya za 100, 34.6, sawa. Nyutro karibu sifuri, kwa sababu fezi tatu zimesawazishwa na kwenye nyota zinafutana. Breka ya 50 ya kuingilia imekaa kimya na iko sahihi kukaa kimya. Hakuna waya hata mmoja wa nje utakaokuambia habari ya 62.2. Ili uione lazima ufungue kifuniko, stima ikiwa imezimwa, utafute ule mkia wa kila koili unaokwenda kwenye kiungo cha nyota, uweke klampu kwenye mkia mmoja mmoja kabla hazijaungana, ufunge sehemu zilizo wazi, halafu uwashe na lodi yote na usome. Ukishindwa kufika hapo, angalau shika hesabu: kila tundu ulifanyie toa na jumlisha kama nilivyofanya, usijumlishe kVA tu.

Ya koili mbili yenye matundu nayo haiko salama kabisa na mchezo huu, sehemu yake ya chini ingebeba 69.3 na 34.6, karibu 104 kwa waya wa 86.6. Lakini hiyo ni asilimia 20 juu, siyo karibu 40. Na kwa koili mbili ile sehemu ya chini ni ampea za kutoka zikijumlishwa tu, mtu anayepima waya za nje anaweza kuzijumlisha akajua. Kwa oto ampea za ndani ni tofauti ya za nje, na tofauti haipimwi kwa kuangalia moja moja.

Wale wa stima kubwa wana ugonjwa huo huo kwa sura nyingine. Oto zao huwa na koili ya tatu imefungwa delta, ya kutuliza hamoniki na wakati mwingine ya kulishia lodi ya kituo au kapasita. Umeme ukitoka upande wa volti kubwa na koili ya tatu kwa pamoja kwenda upande wa volti ndogo, au ukitoka upande wa volti ndogo kwenda kwa hizo mbili, sehemu ya koili ya tatu inajiongeza kwenye koili ya pamoja, na inaweza kuzidiwa huku mita za pande mbili kubwa zikisoma vizuri. Ndo maana wanaweka CT, ile transfoma ndogo ya kupimia ampea, ndani, kwenye koili ya pamoja yenyewe, na ulinzi wake pekee.

Mambo ya athi, hapa ndo pa kuchagua

Kwa koili mbili, upande wa 200 hauna uhusiano wowote na stima ya mtaani mpaka wewe uuunge. Unaamua mwenyewe. Ukitaka unaunga nyota yake kwenye athi, kila fezi inakuwa 115 dhidi ya athi. Ukitaka unafanya kama Wajapani wenyewe, manake kule fezi tatu za 200 kawaida ni delta na fezi moja, ile ya S, ndiyo inaungwa athi. Mashine haijali, lakini michoro inayokuja nayo ndani ya paneli inaonyesha S iko athini, na wakati mwingine saketi ya kontroli imejengwa kwa kuamini hivyo.

Usiiache tu bila athi ukisema iko salama kwa sababu imejitenga. Shoti ya kwanza kwenda kwenye bodi haitaonekana, hakuna breka itakayoruka, ya pili ikija kwenye fezi nyingine ndo vitu vinalipuka.

Kwa oto huna uamuzi huo, ushaamuliwa. Nyutro ya oto ni nyutro ya mtaani, na hiyo ishawekwa athi na kampuni ya stima huko nyuma. Sasa fundi anasoma mchoro wa Kijapani, anaona S imeungwa athi, anachukua waya wa kijani anafunga S kwenye athi. Amefanya nini? Amechukua ncha moja ya koili ya pamoja akaipeleka ardhini wakati ncha nyingine iko ardhini tayari. Ni shoti ya volti 115 juu ya koili ya pamoja ya fezi hiyo.

Akiwa na bahati athi yake ni nzuri, imeungwa kwa waya mnene mpaka kwenye athi kuu ya jengo, breka inaruka hapo hapo, anajua amekosea. Akikosa bahati amechomeka fimbo yake mwenyewe nje ya ukuta, na sisi huku chini ni jiwe la matumbawe, fimbo haiingii vizuri, na ikiingia unaweza kupata ohm 10 au zaidi. 115 gawa 10 ni ampea 11.5. Breka ya 50 haitaruka kwa hizo, wala ya 16. Zinakaa zinavuja mchana na usiku, tokeni zinakwenda, koili ya pamoja ya fezi hiyo moja inaongezewa kama ampea 6 juu ya kazi yake, na kibaya kuliko vyote ile fimbo na kila chuma kilichoungwa nayo, bodi ya mashine, meza ya kukatia barafu, mabomba, viko kwenye volti karibu 115 dhidi ya ardhi ya mbali kidogo. Na sakafu ya kiwanda cha barafu haijawahi kukauka, mtu yuko peku au na ndala zimelowa. Hiyo inaua.

Kwa hivyo kwa oto sheria ni hizi na hazina punguzo. Nyutro ya kuingilia ifungwe kwa nguvu, waya mzima, bila swichi wala fyuzi inayoweza kuikata peke yake. Bodi ya oto na bodi ya mashine ziungwe kwenye athi kuu ya jengo kwa waya, siyo kwa fimbo ya pembeni peke yake. Hakuna fezi yoyote ya kutokea inayoungwa athi, hata mchoro useme nini. Na kiungo cha nyota cha oto kisiungwe tena na athi pale kwenye mashine, nyutro na athi zinakutana sehemu moja tu mwanzo wa jengo.

Nyutro ikikatika inakuwaje? Kwa fezi moja ndo mbaya na ndo inayoonekana haraka, ile oto ndogo ya 240 kwenda 110 ya blenda ya Marekani. Nyutro ya kuingilia ikilegea, waya zote mbili za kutokea zinapanda kwenye 240 dhidi ya athi, hata ile unayoiita nyutro. Na ikikatika koili ya pamoja yenyewe ndani, umeme unapita koili ya juu unakwenda kwa chombo moja kwa moja, ukipima bila lodi au na lodi ndogo unasoma karibu 240 pale palipoandikwa 110. Transfoma ya koili mbili haiwezi kukufanyia hivyo, koili yake ikikatika unapata sifuri.

Kwa fezi tatu zilizofungwa kwenye chuma kimoja cha miguu mitatu, nyutro ikikatika mambo yanajificha, lodi ikiwa sawa kila fezi volti zinakaa karibu na kawaida kwa siku nyingi. Mpaka siku fezi moja ya 200 iguse bodi. Hapo kiungo cha nyota kinahama, na fezi mbili zilizobaki zinapanda juu ya 115 dhidi ya athi, na kama ni oto tatu za fezi moja moja zilizoungwa pamoja zinaweza kukaribia 200. Kwa stima kubwa ndo inatisha zaidi: oto ya 220/132 ambayo nyutro yake haina athi, kwenye mfumo usio na athi nyingine karibu, fezi moja ya 220 ikianguka chini zile fezi mbili nzima za upande wa 132 zinaruka kutoka 76 kV mpaka karibu 178 kV dhidi ya athi. Hakuna insuleta ya 132 iliyopangiwa maisha hayo, ndo maana nyutro za oto kubwa zinaungwa athi moja kwa moja bila kizuizi.

Kuna kitu kimoja cha athi ambacho oto inashinda, niseme ukweli. Breka ya kuvuja athi ukiiweka kwenye kuingilia, ya pole nne na nyutro ipite ndani yake, itaona kuvuja kote mpaka ndani ya mashine, kwa sababu ni saketi moja. Kwa koili mbili breka hiyo hiyo haioni chochote upande wa pili, mtu anaweza kushikwa na 200 huku breka ya kuingilia imetulia. Ukichagua koili mbili lazima ununue nyingine uiweke upande wa 200, na hiyo haifanyi kazi kama hujaunga athi upande huo.

Kwa hivyo nani achukue nini

Leth au mashine ya plastiki kwenye gereji kavu, imefungwa pale pale haihamishwi, wiring ya jengo ni nzuri, nyutro imepimwa, tundu moja tu la 200 linatumika: chukua oto, okoa pesa yako, utapata volti imara mota ikianza. Mashine ya 380 au ya 440 ya meli, oto bila kufikiria mara mbili.

Mashine ya barafu, mashine ya kuoshea magari, kitu chochote ambacho mtu anakigusa na mikono mibichi, au mashine ambayo kontroli yake imejengwa kwa S kuwa athini, au jengo la zamani la Mji wa Kale ambalo hujui nyutro imepita wapi: koili mbili. Hapo pesa uliyookoa haina maana yoyote mbele ya mfanyakazi aliyesimama kwenye maji. Mama nilimwambia hivyo hivyo na akachukua ile nzito, delta kuingilia, delta kutokea, S athini kwa waya wa shaba mpaka athi kuu, na breka ya kuvuja upande wa 200. Na friza za 100 zikija, ziwekewe transfoma yao ndogo pembeni.

Yoyote utakayochukua, kabla hujaunga mashine washa transfoma peke yake upime mara sita: R na S, S na T, T na R, halafu kila moja dhidi ya athi kuu. Tatu za kwanza ziwe 200 zote. Tatu za mwisho kwenye oto ziwe 115, 115, 115, moja ikiwa imeshuka sana na zingine zimepanda, zima, nyutro imelegea au kuna mtu ameunga fezi athini. Kwenye koili mbili ya Kijapani unataka kuona 200, 0, 200. Na hapo andika kwenye mlango wa paneli kwa maka isiyofutika ni transfoma ya aina gani iliyo ndani, manake fundi atakayekuja baada yako akisoma 200, 0, 200 lazima ajue kama ndivyo inavyotakiwa au kama kuna mtu anataka kufa.